Pengo la reli hupimwa kwa joto la siku ya kazi

*Assalaam alaikum. Binti yangu yuko sekondari hapa Malindi. Wamepewa hesabu ya reli ya mita 12: liachwe pengo kiasi gani ili isipinde juani? Tumekwama wote wawili. Chuma kinatanuka pande zote, mbona kwa reli wanahesabu urefu tu, halafu kwa mafuta ya pipa wanatumia namba nyingine kabisa? Tena madaraja yana mapengo, hata ukivuka Kilifi unasikia tairi zikigonga, lakini naambiwa reli za siku hizi huchomelewa bila pengo. Mbona hizo hazipindi?*
*Baba Zuhura, Malindi*

Waalaikum salaam, Baba Zuhura. Nianze na jambo ambalo huenda kitabu cha binti hakijalitamka, maana ndilo linalofungua mengine yote. Pengo halitokani na urefu wa reli peke yake. Linatokana na tofauti kati ya joto la chuma siku kinapowekwa na joto kali kabisa ambalo chuma hicho kitafikia baadaye. Kwa hali ya hewa ya kwenu, reli ileile ya mita 12 inataka pengo la milimita nne na nusu ikiwekwa alfajiri, na chini ya milimita moja ikiwekwa saa nane mchana. Swali la shuleni lisilotaja joto la kuanzia na joto la mwisho halina jibu, na binti ana haki ya kumuuliza mwalimu wake.

Tuanze na fimbo tupu. Fimbo ya chuma yenye urefu wa mita 1, ikipanda joto kwa digrii 1, hurefuka kwa takriban milimita 0.012. Ndiyo maana ya ile namba 0.000012 iliyo kitabuni: kila mita inarefuka kwa sehemu hiyo ya mita, kwa kila digrii. Fimbo ya mita 12 itarefuka mara 12 zaidi, na digrii 30 zitarefusha mara 30 zaidi ya digrii 1. Kwa hiyo huandikwa hivi:

```
ΔL = α × L × ΔT
```

Herufi α ni namba ya utanukaji wa urefu, L ni urefu wa mwanzo, na ΔT ni tofauti ya joto. Kwa kuwa ni tofauti tu, haina haja ya kuongeza 273. Digrii za Selsiasi zinatosha. Aluminiamu ina namba iliyo karibu mara mbili ya chuma, 0.000023. Zege iko karibu na chuma, kiasi cha 0.00001, kutegemea aina ya kokoto. Ukaribu huo ndio unaoruhusu nondo kukaa ndani ya zege miaka mingi bila vitu hivyo viwili kuvutana na kuachana kila jua linapochomoza na kuzama.

Binti anaweza kuliona jambo hili kwa macho yake. Chukueni bomba la chuma la maji la nusu inchi, lenye urefu wa mita 1. Ncha moja ibaneni imara kwenye meza. Chini ya ncha ya pili wekeni sindano ya kushonea iliyolala juu ya kipande cha kioo, na kwenye tundu la sindano gundisheni mrija wa soda uwe mshale. Pitisheni mvuke wa birika ndani ya bomba kwa mpira unaostahimili joto, mwisho wa bomba uwe wazi mvuke utoke, na mikono ikae mbali. Bomba likitoka digrii 30 hadi karibu 100 litarefuka milimita 0.84. Sindano yenye kipenyo cha milimita 1 itabingirika na mshale utazunguka karibu digrii 48 za pembe, jambo ambalo hata aliyekaa nyuma ataliona. Mshale usipoenda, mara nyingi ni kwa sababu ncha ya kwanza haikubanwa vyema na bomba limerefukia upande huo.

Sasa reli. Malindi na Lamu hazina reli, kwa hiyo tuchukue hali ya hewa ya pwani yenu tuilaze reli juu yake. Usiku wa kusi tuseme chuma kinashuka hadi digrii 20. Mchana wa kaskazi hewa inafika digrii 32 hivi, lakini reli iliyo juani haifuati hewa. Ni chuma cha rangi ya kutu kinachokunywa jua moja kwa moja, na huweza kuizidi hewa kwa digrii 20 na kitu. Tuseme inafika 55. Hapa ndipo wanafunzi wengi hukosea: huchukua joto la taarifa ya hali ya hewa, kumbe linalotakiwa ni joto la chuma chenyewe.

Reli ya mita 12 hurefuka milimita 0.144 kwa kila digrii. Ikiwekwa alfajiri chuma kikiwa digrii 24, bado ina digrii 31 za kupanda kabla ya kufika 55. Zidisha 0.144 kwa 31, unapata milimita 4.5. Hilo ndilo pengo. Ikiwekwa saa nane mchana chuma kikiwa digrii 50, zimebaki digrii 5 tu, na pengo ni milimita 0.7.

Mafundi wasiojali tofauti hiyo hutoa aina mbili za makosa. Akiacha milimita 0.7 alfajiri, reli zitakutana kabla hata jua halijakaa vizuri, kisha zitaanza kusukumana. Akiacha milimita 4.5 mchana mkali, usiku wa kusi chuma kitashuka digrii 30 na pengo litaongezeka milimita 4.3, liwe karibu 9. Hapo gurudumu hulipiga pigo zito kila linapolivuka. Ncha za reli hubonyea, bolti hulegea, na nyufa huanza kwenye matundu ya bolti. Kwa sababu hiyo mafundi wa reli hubeba kipimajoto cha kulaza juu ya chuma, wakakiweka upande wenye kivuli, na huweka vipande vya bati vya unene uliochaguliwa kati ya reli na reli kabla ya kukaza, kisha huvichomoa.

Kuna mtego mwingine hapa. Penye pengo zinakutana reli mbili, na mwanafunzi huona ni sawa kuzidisha jibu kwa mbili. Hapana. Kila reli ina ncha mbili. Nusu ya kurefuka kwake inaenda kushoto na nusu inaenda kulia. Pengo moja linapokea nusu ya reli hii na nusu ya reli ile, jumla yake ni kurefuka kwa reli moja nzima.

Pengo peke yake halisaidii kama reli haiwezi kuteleza. Vibamba viwili vya chuma vinavyounganisha ncha za reli vina bolti, na matundu ya bolti katika reli huwa makubwa kuliko bolti zenyewe ili kuacha nafasi ya kusogea. Sehemu hizo hutiwa grisi. Kutu ikishikana, kiungo hicho hugoma, na mwendo wake unahamia kiungo cha jirani. Dalili yake ni rahisi kuiona: unatembea kando ya njia na kukuta mapengo matatu yamefunga kabisa, la nne liko wazi mno. Njia ya namna hiyo ina hatari mchana hata kama ukijumlisha mapengo yote unapata jumla sahihi.

Sasa nije kwenye reli zilizochomelewa, maana swali hilo ndilo lenye utamu. Reli hizo zinaweza kwenda kilomita nzima bila pengo. Kilomita moja ya chuma ikipanda digrii 25 ingetaka kurefuka milimita 300. Inaenda wapi? Haiendi popote. Inazuiwa. Mataruma ya zege, yale yanayokingama chini ya reli, yamelala ndani ya kokoto nzito, vibanio vimeishika reli kwenye kila taruma, na chuma kinalazimika kubaki na urefu wake uleule. Badala ya mwendo, ndani yake unazaliwa mkazo, yaani nguvu inayobebwa na kila kipande cha eneo lake.

Ukubwa wa mkazo huo ni zao la vitu vitatu: ugumu wa chuma, ile namba α, na tofauti ya joto. Ugumu wa chuma ni kama megapaskali 200,000, na megapaskali 1 ni newtoni 1 kwa kila milimita ya mraba, kwa hiyo kila digrii 1 inaleta megapaskali 2.4. Angalia kitu kimoja: urefu haumo. Reli ya mita 100 na ya kilomita 10, zikizuiwa sawasawa, zina mkazo uleule. Ndiyo sababu inawezekana kuchomelea umbali mrefu kiasi hicho bila hatari kuongezeka kwa kila mita. Ni kwenye miisho tu, mita mia moja hivi za mwisho, ambako reli bado inasogea, na huko ndiko huwekwa vifaa maalumu vya kuupokea mwendo.

Lakini nguvu yenyewe si ndogo. Reli ya kilo 50 kwa mita ina eneo la mkato la milimita za mraba kama 6,400. Ichomelewe asubuhi ikiwa digrii 25 na kuachwa hivyo hivyo. Mchana ikifika 55, tofauti ni digrii 30 na mkazo ni megapaskali 72. Zidisha kwa eneo, unapata kilonewtoni 460, yaani msukumo wa tani 47 ndani ya reli moja, na reli ni mbili. Chuma chenyewe hakivunjiki kwa mkazo huo. Kinachofanyika ni kile unachokiona ukibana rula ya plastiki kwa ncha zake: haifupiki, inachepuka kando. Njia nzima, reli pamoja na mataruma, huruka pembeni kwa mkunjo wa mita kadhaa, mara nyingi kwa ghafla.

Dawa ni kuchagua joto ambalo reli itakuwa imetulia, haisukumi wala haivuti. Huitwa joto la utulivu. Nchini Uingereza hutumia digrii 27. Kwa pwani yetu yenye reli inayocheza kati ya 20 na 55, joto hilo lingestahili kuwa juu zaidi, tuseme 40. Mchana mkali zinabaki digrii 15 tu za msukumo, yaani tani 23 kwa reli moja. Usiku wa baridi zinakuja digrii 20 za mvuto, tani 31. Kwa makusudi tumeipa reli mvuto mwingi kuliko msukumo, kwa kuwa chuma huvumilia kuvutwa vizuri kuliko njia inavyovumilia kusukumwa.

Je, fundi asubiri chuma kifike 40 ndipo achomelee? Si lazima. Akianza kwenye digrii 25, huifungua reli kutoka kwenye vibanio, huiweka juu ya virola ili iteleze, kisha huivuta kwa mashine ya haidroliki mpaka irefuke kiasi ambacho joto lingeirefusha. Kwa kila mita 100 ni 100 × 0.000012 × 15, yaani milimita 18. Akiisha kuifikisha hapo, huifunga vibanio na kuchomelea ikiwa imevutwa. Tangu hapo reli hiyo inajiona iko nyumbani kwenye digrii 40.

Matatizo huanza pale mtu anapoivuruga kazi hiyo bila kujua. Reli ikipasuka usiku wa baridi, hujivuta na kuacha mwanya. Fundi akijaza mwanya huo kwa kipande kipya na kuchomelea bila kuivuta tena reli, ameongeza chuma njiani. Joto la utulivu la mahali hapo limeshuka, labda kutoka 40 hadi 28, na njia inayoonekana nzima kabisa itachepuka kwenye kaskazi ya mwaka ule. Kosa la pili ni kuchimbua au kutikisa kokoto mchana wa joto. Kokoto iliyotoka kutikiswa haishiki taruma kama ile iliyokwisha kukandamizwa na treni nyingi, na ndiyo maana baada ya kazi ya aina hiyo treni huamriwa zipite polepole kwa muda. Kwenye kona hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu reli iliyopinda tayari ina upande wa kuchepukia. Ukiona kokoto imepungua kwenye ncha za mataruma, au reli imeteleza na kuacha alama mpya inayong'aa kando ya vibanio, hapo pana tatizo.

Basi kwa nini daraja nalo lisizuiwe? Kwa sababu ya eneo la mkato. Tuchukue daraja la zege lenye mita 100 kati ya pengo na pengo. Zege ni nene, haipandi joto haraka kama reli, kwa hiyo mwili wake wote labda unacheza digrii 16 tu kwa mwaka, kati ya 22 na 38. Kurefuka kwake ni 100 × 0.00001 × 16, yaani milimita 16. Ni kidogo. Lakini ukitaka kulizuia, mkazo utakuwa kama megapaskali 4.5, maana ugumu wa zege ni mdogo kuliko wa chuma, na mkato wake wenye mita za mraba 5 za zege utausukuma ukuta wa mwisho kwa tani zaidi ya 2,200. Hakuna nguzo ya kawaida itakayouhimili msukumo huo, na kokoto ya kulishika hakuna. Ni nafuu mno kuliachia daraja milimita zake 16.

Kwa hiyo sehemu moja ya daraja hufungwa imara juu ya nguzo, na nyingine hukalia vipande vya mpira mnene au vitako vya kuteleza. Mwishoni huachwa pengo, likafunikwa kwa mpira au vyuma vilivyopishana kama meno. Mlio unaousikia tairi likivuka ndio huo. Tofauti na reli, zege ina jambo jingine: baada ya kumwagwa huendelea kukauka na kunywea kwa miaka, hata joto lisipobadilika. Kwa mita 100 kunywea huko kunaweza kuwa milimita 20 au 30, kwingi kuliko kule kwa joto, nako ni kwa upande mmoja tu. Anayepanga pengo la daraja akilihesabu joto peke yake, baada ya miaka michache atakuta mpira wa pengo umevutwa mpaka umechanika.

Ubovu wa kawaida kabisa wa mapengo haya unatokana na mchanga na mawe. Usiku daraja linanywea, pengo linafunguka, jiwe linaingia. Mchana linatanuka na kulikuta jiwe. Nguvu yote inatua pale, na ukingo wa zege unamomonyoka. Vivyo hivyo lami ikimwagwa juu ya pengo wakati wa kukarabati barabara: utaona ufa uliokwenda moja kwa moja kukatiza barabara, mahali palepale pengo lilipo.

Limebaki la pande zote. Ni kweli reli inatanuka pia kwa kimo na upana. Kimo chake ni milimita kama 152. Kwa digrii 25 kinaongezeka milimita 0.046, kidogo kuliko unene wa unywele. Hakuna anayeumia kwa hilo, ndiyo maana halihesabiwi. Linapokuwa na maana ni pale tunapojali nafasi ndani ya kitu, au kimiminika.

Chukua mchemraba wa chuma wa mita 1 kila upande, uupandishe digrii 30. Kila upande unakuwa mita 1.00036. Zidisha namba hiyo kwa yenyewe mara tatu, unapata 1.00108. Ongezeko ni 0.00108, ambalo ni 0.00036 mara tatu. Sehemu inayobaki ni ndogo mno, inaachwa. Ndiko inakotoka namba ya utanukaji wa ujazo, iliyo mara tatu ya ile ya urefu: kwa chuma ni 0.000036. Kwa eneo la bati ni mara mbili.

Dizeli haina urefu wake yenyewe. Inachukua umbo la chombo. Kwa hiyo ina namba ya ujazo tu, kama 0.00083, na binti asijaribu kuizidisha kwa tatu. Chukueni pipa la chuma lililojazwa dizeli lita 200 hadi mdomoni, asubuhi, digrii 26, likapelekwa gatini Lamu kusubiri mashua na kufika digrii 46 juani. Dizeli inaongezeka 200 × 0.00083 × 20, yaani lita 3.3. Na pipa? Nafasi iliyo ndani ya pipa inatanuka kana kwamba ingekuwa chuma kitupu, kwa 0.000036, si kwa 0.000012. Inaongezeka lita 0.14. Zinazomwagika ni tofauti ya hizo mbili, karibu lita 3.2. Kama kifuniko kimekazwa hazina pa kumwagikia, na pipa huvimba kwenye vifuniko vyake viwili bapa. Mapipa ya kawaida ya lita 200 hutengenezwa na nafasi ya ziada kwa sababu hiyo. Aliyejaza mpaka mdomoni akidhani anapata faida ameila nafasi hiyo.

Kwa hesabu ya binti basi, aandike joto la kuanzia na joto la juu, atumie namba ya urefu, na asizidishe kwa mbili. Kama mwalimu ametoa digrii 24 na 55, jibu ni milimita 4.5.